Laini Imepotea na Umeirudisha: Namna ya Kuhakiki Salio na Kupata Rekodi Zako za Pesa za Simu Uganda

Kila wiki mtu ananiuliza swali lilelile kwa sura tofauti. Mmoja amenunua laini mpya barabarani akashangaa kukuta salio ni sufuri. Mwingine amerudishiwa namba yake ileile, lakini meseji zote za malipo zimetoweka na mwenye nyumba anadai hajalipwa. Wa tatu ameona salio limepungua, akapiga kelele kaunta kuhusu kiasi ambacho hata sicho kilichoibwa. Wote watatu walikwama kwa sababu moja: hawakujua nini kimekaa kwenye laini, nini kimekaa kwenye simu na nini kimekaa kwa kampuni.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Uganda aliyepoteza laini yenye MTN MoMo au Airtel Money na anataka kurudisha namba ileile, kujua pesa yake iko wapi na kupata rekodi zake zikiwa kamili.

## Elewa hili kabla ya kutoka nyumbani

Pesa yako haimo ndani ya ile kadi ndogo. Kadi inabeba utambulisho unaoiambia mitambo kwamba simu hii ni ya namba fulani, basi. Salio limeandikwa kwenye daftari la kampuni chini ya namba yako ya simu na jina ulilosajiliwa nalo. Pesa halisi imewekwa kwenye akaunti ya dhamana benki, kama inavyotakiwa na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2020. Ukirudishiwa namba ileile, mtambo unaunganisha kadi mpya na namba ya zamani, na daftari linabaki lilivyokuwa.

Ukinunua namba mpya, daftari lako halikufuati. Lile sufuri unaloliona ni la akaunti mpya kabisa, na pesa yako bado iko kwenye namba ya zamani.

Meseji ni jambo jingine. Zile za "umepokea" na "umetuma" zilihifadhiwa kwenye simu, na chache labda kwenye kadi. Zimekwenda na aliyechukua, na kadi mpya haiwezi kuzirudisha. Unachoweza kupata ni miamala yenyewe kutoka kwenye daftari, yaani stetimenti, na kwenye mgogoro wowote ina uzito kuliko meseji kwa sababu meseji mtu anaweza kuiandika mwenyewe.

## Vitu vya kubeba

- Kitambulisho chako halisi, si picha yake. Kwa raia ni Ndaga Muntu yenye NIN. Kwa mkimbizi ni kadi au barua ya utambulisho iliyotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM. Kwa mgeni ni pasipoti. Cha muhimu kiwe kilekile ulichosajilia laini.
- Vidole vyako mwenyewe. Alama hupimwa pale pale, kwa hiyo huwezi kumtuma ndugu.
- Barua ya polisi yenye namba ya SD, yaani namba ya kitabu cha matukio cha kituo.
- Simu inayofanya kazi, imechajiwa, na imefunguliwa kwa mitandao yote.
- Karatasi yenye mambo haya: salio la mwisho unalolikumbuka, miamala mitatu au minne ya mwisho, na namba mbili tatu unazozipigia mara kwa mara.
- Pesa taslimu kidogo kwa ada ya kadi. Usitegemee salio, huenda usiweze kuligusa siku hiyo.

Karatasi hiyo wengi huidharau. Lakini ndiyo maswali utakayoulizwa ukitaka kufunga au kufungua akaunti, na ndicho kipimo chako utakapolinganisha na stetimenti baadaye. Iandike leo, kwa sababu kesho utakuwa umesahau kama ulilipa umeme kabla au baada ya kununua unga.

## Hatua ya 1: Funga kabla ya kitu kingine

Azima simu ya mtu wa mtandao uleule na upige 100. Omba mambo mawili, na yataje yote mawili: laini ifungwe, na akaunti ya pesa ifungwe. Watu wengi husema "laini yangu imeibwa" tu, kisha hudhani kila kitu kimefungwa.

Uliza jina la aliyekuhudumia na namba ya kumbukumbu ya ripoti, na uandike saa kamili. Saa hiyo ni mpaka. Miamala iliyofanywa kwa namba yako ya siri kabla hujaripoti, masharti ya kampuni kwa kawaida hukuachia mzigo wewe. Iliyopita baada ya kuripoti, wao ndio wa kueleza iliwezekanaje.

Andika saa kwa mtindo wa saa 24, kwa sababu stetimenti huandikwa hivyo. Sisi tunasema saa nane mchana, karatasi inasema 14:00. Nimeona barua ya polisi iliyoandikwa "8:00" kwa tukio la mchana, na mwenyewe akapata taabu kubwa kueleza kwa nini muamala wa 11:30 aliufanya yeye na si mwizi.

Dalili kuwa umefaulu: ukipiga namba yako inasema haipatikani, na unayo namba ya kumbukumbu.

Onyo: usiipigie namba yako kumbembeleza mwizi. Wengine hukuambia watarudisha simu ukiwatajia namba ya siri "ili waizime".

## Hatua ya 2: Polisi

Nenda kituo cha karibu na mahali ilipopotea. Toa namba ya simu, saa ya tukio, na IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe, kama unayo. IMEI imeandikwa kwenye boksi la simu. Kwa simu utakayokuwa nayo baadaye, bonyeza `*#06#` uinakili mapema.

Hakikisha barua inataja namba yako ya simu, si "simu aina ya Tecno" peke yake. Barua isiyo na namba haithibitishi chochote kuhusu akaunti yako. Kuna kaunta zitakazokurudishia laini bila kuiulizia, lakini siku ukitaka kudai muamala itahitajika, na barua iliyoandikwa wiki mbili baada ya tukio huonekana dhaifu.

## Hatua ya 3: Rudisha namba ileile

Nenda ofisi ya huduma ya kampuni au duka lake rasmi. Kaunta wataangalia kitambulisho, watapima kidole na kulinganisha na kumbukumbu za usajili, kisha watakupa kadi mpya yenye namba ya zamani. Kabla hujaondoka waulize: "Akaunti ya pesa imefunguliwa, au bado imezuiwa?" Mara nyingi baada ya kubadilishiwa kadi, akaunti ya pesa huzuiwa kwa muda. Ni kinga dhidi ya matapeli wanaobadilisha laini za watu kwa vitambulisho bandia, kwa hiyo ukikuta salio linaonekana lakini huwezi kutuma, usidhani umeibiwa. Uliza itafunguka saa ngapi.

Kuna sababu ya pili ya akaunti kufungwa. Mwizi akibahatisha namba ya siri akakosea mara kadhaa, mtambo hujifunga wenyewe. Hiyo ni habari njema, maana yake hakuijua. Kaunta watakusaidia kuweka namba ya siri mpya.

### Laini imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine

Hapa ndipo wenzetu wengi hukwama, hasa waliofika kutoka Kongo na kusajiliwa laini na jirani kabla hawajapata karatasi za OPM. Machoni pa kampuni, mwenye akaunti ni yule mwenye kidole. Hata uwe umeitumia namba hiyo Nakivale kwa miaka mitano, huwezi kuirudisha bila yeye.

Mtafute mwende pamoja. Mkirudishiwa na akaunti ikifunguka, sajili laini ya pili kwa kitambulisho chako, uhamishie salio huko siku hiyohiyo, na umwombe mwenye jina atoe stetimenti ya namba ya zamani akiwa bado kaunta. Stetimenti itabeba jina lake, kwa hiyo atie saini karatasi kwamba mtumiaji ni wewe. Kama hapatikani kabisa, ripoti laini ifungwe ili asiitumie mwingine. Pesa hubaki kwenye daftari kwa jina lake mpaka atakapojitokeza.

Usikae sana bila kuirudisha. Namba iliyolala kwa miezi kampuni huweza kuigawa kwa mteja mpya.

Dalili kuwa umefaulu: kadi mpya inaonyesha mtandao, ukipigiwa simu inaita kwako, na kadi ya zamani haina mtandao tena. Inaweza kuchukua dakika chache au saa kadhaa. Zima simu na uiwashe kama inachelewa.

## Hatua ya 4: Weka namba ya siri mpya, kisha angalia salio

Fuata mpangilio huo. Kama mwizi aliijua namba ya siri, kila dakika uliyo na ile ya zamani ni hatari, kwa mfano kama bado ana programu ya kampuni iliyofunguliwa kwenye simu yako.

Kwa MTN piga:

```
*165#
```

Kwa Airtel piga:

```
*185#
```

Ingia sehemu ya akaunti yako. Badilisha namba ya siri kwanza, kisha angalia salio. Usitumie mwaka wa kuzaliwa. Umeandikwa kwenye kitambulisho ambacho mara nyingi huibwa pamoja na simu.

Andika salio na saa uliyoliona. Usitoe pesa bado na usimtumie mtu. Ukianza kufanya miamala kabla ya kupata stetimenti, unachanganya ya kwako na ya mwizi kwenye ukurasa mmoja.

Onyo: siku hizi za mwanzo utapigiwa simu na "wahudumu" wanaotaka kukamilisha usajili wa kadi mpya. Mhudumu wa kweli hahitaji namba yako ya siri wala tarakimu za muda zilizoingia kwa meseji. Kata simu, kisha piga 100 mwenyewe.

## Hatua ya 5: Chukua stetimenti na uisome mstari kwa mstari

Menyu ya simu hukuonyesha miamala michache ya mwisho tu. Haitoshi. Omba stetimenti kamili kaunta au kupitia programu ya kampuni, kuanzia angalau wiki moja kabla ya laini kupotea mpaka leo. Kama ni ya kupeleka benki, mahakamani au kwa mwenye nyumba, omba yenye mhuri. Miamala ya zamani nayo ipo: sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha ya mwaka 2013 inawalazimu watoa huduma kutunza kumbukumbu kwa miaka, si miezi.

Kila mstari una tarehe na saa, namba ya muamala, mtumaji, mpokeaji, kiasi, ada na salio baada ya muamala. Safu ya mwisho ndiyo ya kuishika. Anza na salio ulilolikumbuka, shuka mstari kwa mstari ukijumlisha na kutoa. Lisipolingana, hapo ndipo penye jambo.

### Mfano wa muuza vitenge

Tuchukue mama anayeuza vitenge Kampala. Jumamosi saa 11:42 alitoa pesa kwa wakala karibu na Old Taxi Park, na meseji ikamwonyesha salio la shilingi 640,000. Kijana aliyekuwa nyuma yake aliiona namba ya siri ikibonyezwa. Saa 13:30 simu ikanyakuliwa. Mpaka alipopata simu ya kuazima ilikuwa 14:50, akaripoti na akaunti ikafungwa. Jumatatu asubuhi akarudishiwa laini, akaunti ikafunguliwa, na saa 12:35 akakuta salio ni 572,000.

Hesabu ya haraka inasema 640,000 kutoa 572,000 ni 68,000. Alitaka kwenda kudai 68,000. Stetimenti ikasema hivi:

- Jumamosi 14:05, ametuma 100,000 kwa namba asiyoijua, ada 1,000. Salio 539,000.
- Jumamosi 14:31, jaribio la kutoa 300,000 kwa wakala, limeshindwa. Salio 539,000.
- Jumamosi 14:40, amepokea 85,000 kutoka kwa mteja wa vitenge. Salio 624,000.
- Jumatatu 12:30, makato ya mkopo wa simu, 52,000. Salio 572,000.

Tazama yaliyojificha ndani ya ile 68,000. Aliyeibiwa ameibiwa 101,000 pamoja na ada. Mteja alilipa 85,000 wakati simu iko mikononi mwa mwizi, na ikaingia, kwa sababu pesa huingia kwenye daftari hata kama simu imezimwa. Makato ya 52,000 si wizi. Ni mkopo wake mwenyewe uliofika tarehe, na mkopo hufuata namba kama salio linavyoifuata. Akiba uliyoweka kwenye huduma kama MoKash nayo hubaki vilevile.

Mstari ulioshindwa huwatisha watu bure. Angalia salio: 539,000 kabla, 539,000 baada. Hakuna kilichotoka. Lakini usiufute akilini, maana umebeba utambulisho wa wakala ambako mwizi alisimama, na polisi wanaweza kuutumia.

Kisha mteja wa pili akasema alimtumia 60,000 Jumapili. Haimo kwenye stetimenti. Jumapili akaunti ilikuwa imefungwa, na akaunti iliyofungwa kabisa hukataa hata pesa inayoingia, humrudia mtumaji. Mama asibishane naye. Amwombe namba ya muamala, na kama mteja hana hata namba hiyo, aangalie stetimenti yake mwenyewe kama 60,000 ilitoka au ilirudi.

Dalili kuwa umefaulu: kila mstari una maelezo, na salio la mwisho linalingana na ulilolikuta kwenye simu.

## Hatua ya 6: Dai muamala usio wako

Dai mstari mmoja mmoja, kwa namba yake ya muamala. Mama wa vitenge aandike: "Muamala namba fulani, Jumamosi 14:05, shilingi 100,000, sikuufanya. Simu iliibwa 13:30, niliripoti 14:50, namba ya kumbukumbu ni hii, SD ya polisi ni hii." Abakize nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Niupe ukweli nafasi yake. Muamala wake ulifanyika kwa namba sahihi ya siri, dakika 45 kabla ya kuripoti. Kampuni haina wajibu wa wazi kumrudishia kutoka mfukoni mwake. Kinachoweza kumsaidia ni kama pesa bado imelala kwa mpokeaji, ambapo inaweza kuzuiwa, au polisi wakiomba taarifa za aliyesajiliwa kwa namba ile. Yote mawili hutegemea haraka. Laiti ule muamala ungekuwa wa 15:10, baada ya kuripoti, dai lake lingekuwa na nguvu nyingine kabisa.

Kampuni isipojibu au ikijibu visivyoridhisha, suala la pesa lipeleke Benki Kuu ya Uganda, ambayo ndiyo inayotoa leseni za huduma hizi. Kama tatizo ni laini yenyewe, kwa mfano ilibadilishwa na mtu mwingine bila wewe kujua, peleka Tume ya Mawasiliano, UCC. Ukipeleka suala la mmoja kwa mwingine utarudishwa tu.

## Hatua ya 7: Rekebisha vilivyounganishwa na namba

Sajili WhatsApp upya kwenye simu yako. Ukifanya hivyo, ile ya mwizi hutoka yenyewe. Ingia kwenye programu ya pesa upya na uondoe kifaa cha zamani kama orodha inakionyesha. Kama akaunti ya benki imeunganishwa na namba, wapigie kabla hujajaribu kuhamisha pesa, maana baadhi ya benki huzuia huduma zikigundua kadi imebadilika.

Kisha weka namba ya siri ya kadi yenyewe, kwenye mipangilio ya usalama ya simu. Mtu akiichomeka kwenye simu nyingine ataulizwa namba hiyo kabla ya mtandao kuwaka. Akikosea mara tatu ataulizwa PUK, yaani namba ya kufungulia kadi, na akikosea PUK mara kumi kadi hufa moja kwa moja. Iandike PUK yako nyumbani. Iko kwenye kipande cha plastiki ulichobandulia kadi, kile ambacho wengi hukitupa pale pale kaunta.

Mwisho, panga siku moja kila mwezi ya kutoa stetimenti kwenye programu na kuituma kwenye barua pepe yako. Kodi ya nyumba, ada za shule na malipo ya wateja vitakuwa na ushahidi mahali ambapo simu ikipotea haviondoki nayo.